Maneno ya Kiitaliano yenye Sura ya Kiingereza: Mwongozo Kamili wa Kuyatafsiri bila Kupotoka

Mfasiri anayetoka Kiitaliano kwenda Kiswahili hakosei mara nyingi kwenye neno kama "autorimessa", yaani banda la gari, kwa sababu neno hilo halimkumbushi chochote na humlazimu kufungua kamusi. Hukosea kwenye "box". Wengi wetu tulijifunza Kiingereza shuleni miaka mingi kabla ya kukutana na Kiitaliano, na jicho likishaona neno lenye sura ya Kiingereza hulipa maana ya Kiingereza papo hapo na kuendelea na sentensi inayofuata. Ndivyo banda la gari linavyogeuka sanduku katika mkataba wa nyumba, na choo kinavyogeuka maji katika orodha ya vifaa vya bafu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi hiyo kweli: wanaotafsiri mikataba na matangazo ya nyumba Malindi na Watamu, ambako Waitaliano wameishi na kufanya biashara kwa miongo mingi, wanaoongoza watalii Zanzibar, na ndugu zetu walioko Italia wanaoombwa kila wiki kusoma barua ya hospitali au ya mwajiri kwa niaba ya mwenzao. Nitashughulikia zaidi upande wa kutoka Kiitaliano kwenda Kiswahili, kisha nitagusa upande wa pili kwa kifupi.

Kujua unashughulika na neno la aina gani

Si kila neno la Kiingereza ndani ya Kiitaliano ni mtego. "Computer" ni kompyuta na "film" ni filamu, na hakuna la kuongeza. Shida iko katika makundi mawili mengine.

Kundi la kwanza ni la maneno ambayo Waingereza wanayo, lakini Kiitaliano kimeyahamisha maana au kimeyabana. Neno "footing" ni mfano maarufu. Kwa Mwingereza ni mahali pa kukanyaga pasipoteleza, au msingi ambao jambo limesimama juu yake. Wafaransa walilichukua mwishoni mwa karne ya 19 kwa maana ya kutembea kwa ajili ya mazoezi, Waitaliano wakalipokea kupitia kwao, na leo "fare footing" ni kukimbia polepole kwa afya, yaani jogingi. Neno "box" nalo lina maana ya kizimba cha farasi katika Kiingereza, na kutoka hapo Kiitaliano kikalipeleka kwenye chumba cha kufungia gari. "Ticket" katika hospitali za Italia si tiketi ya kuingilia mahali, bali ni sehemu ya gharama ambayo mgonjwa huchangia mwenyewe pale ambapo huduma ya afya ya taifa inalipa sehemu iliyobaki. "Bar" ni mahali pa kunywa kahawa asubuhi na kula mkate mtamu, na mtoto wa shule huingia humo bila mtu kushangaa.

Kundi la pili ni la maneno yaliyoundwa au kukatwa nje ya Uingereza, ambayo Mwingereza mwenyewe akiyasikia haelewi. "Autostop" ni kuomba lifti barabarani. "Recordman" ni mtu anayeshikilia rekodi ya michezo. "Beauty" ni mkoba mdogo wa vipodozi na vifaa vya kuogea, "smoking" ni suti rasmi ya jioni inayovaliwa na tai ya kipepeo, na "water" ni choo cha kukaa.

Kwa nini maneno haya yalikatwa hivyo? Hapa mzungumzaji wa Kiswahili yuko katika nafasi nzuri kuliko anavyodhani. Kiingereza huweka neno kuu mwisho: katika jina la mkoba wa urembo, neno lenye maana ya mkoba ndilo la pili. Kiitaliano, kama Kiswahili, huanza na neno kuu: sisi husema "mpira wa kikapu", si "kikapu mpira". Basi Mwitaliano anapopokea jina la Kiingereza lenye maneno mawili, hulichukulia la kwanza kuwa ndilo kuu na la pili kuwa nyongeza inayoweza kuachwa. Ndiyo maana "basket" ni mchezo wa mpira wa kikapu na si kikapu, "night" ni klabu ya usiku na si usiku, na "water" ni choo kwa kuwa neno lililofuata, lenye maana ya chumba kidogo, lilidondoshwa. Ukikutana na neno lenye sura ya Kiingereza ambalo maana yake ya kawaida haikai katika sentensi, swali la kwanza kujiuliza ni hili: ni neno gani limekatwa mwishoni?

Hatua ya kwanza: zungushia duara kila neno lenye sura ya Kiingereza

Kabla ya kutafsiri sentensi hata moja, pitia andiko lote na kuweka alama kwenye kila neno la namna hiyo, hata lile unalolijua vizuri. Lengo ni kuliondolea jicho uhuru wa kuamua haraka. Usimalize kazi ikiwa kuna neno lenye alama ambalo hujalithibitisha.

Katika kuweka alama, angalia pia sarufi inayolizunguka neno. Kiitaliano huliacha neno kama hili bila kubadilika katika wingi: ni "il box" kwa kimoja na "i box" kwa vingi, bila herufi ya wingi ya Kiingereza. Kwa hiyo idadi utaijua kutokana na kibainishi au tarakimu iliyotangulia, na ukilitazama neno peke yake unaweza kutafsiri mabanda matatu kama banda moja.

Ikiwa unafasiri kwa mdomo, alama yako itakuwa sikio. "Water" hutamkwa "vater", na "pile", ambayo ni vazi la kitambaa chepesi chenye manyoya ya kukinga baridi, hutamkwa "pail". Neno "stage", lenye maana ya mafunzo kwa vitendo kazini, lilitoka Kifaransa, na wengi hulitamka Kifaransa. Hili la mwisho linastahili uangalifu wa pekee kwa sababu kwenye maandishi lina sura kamili ya Kiingereza. Kijana aliyeandika katika maelezo yake ya kazi kwamba alifanya "uno stage di sei mesi" alifanya mafunzo kazini kwa miezi sita. Hakupanda jukwaani, na bila shaka hakukaa kwenye steji ya matatu.

Hatua ya pili: soma majirani wa neno

Neno moja la aina hii mara nyingi lina maana kadhaa, na anayeamua ni neno lililo jirani. "Box auto" ni banda la gari lenye kuta na mlango. "Box doccia" ni shawa iliyozungushiwa vizuizi ili maji yasitapakae bafuni. "Box" katika habari za mtoto mchanga ni kizimba cha kuchezea ambamo mtoto huwekwa asitambae ovyo. "I box" katika habari za mbio za magari ni vituo vya pembeni ambako gari hubadilishiwa magurudumu.

Maana hii ya mwisho imezaa msemo unaowatatiza hata wafasiri wazoefu. Ukisoma katika gazeti la michezo kwamba "il bomber resta fermo ai box", hakuna gari wala sanduku wala bomu. "Bomber" ni mfungaji mabao, na kubaki "ai box" ni kukosa mechi, kwa kawaida kwa sababu ya majeraha. Sentensi nzima ni: mfungaji wao bado yuko nje ya uwanja. Sentensi inayofuata ikimtaja "il mister", huyo ni kocha. Matumizi hayo huhusishwa na William Garbutt, Mwingereza aliyeanza kuifundisha timu ya Genoa mwaka 1912, na leo kocha Mwitaliano wa timu ya kijiji naye huitwa hivyo na wachezaji wake. Kumwandika "bwana" ni kumficha msomaji wako habari ya msingi, yaani kwamba anayetajwa ni kocha.

Hatua ya tatu: tumia kamusi ya Kiitaliano kwa Kiitaliano

Kamusi ya Kiitaliano kwa Kiingereza ni hatari kwa maneno haya, hasa ile ndogo, kwa sababu wakati mwingine hurudisha neno lile lile ulilolipeleka. Fungua kamusi inayoeleza Kiitaliano kwa Kiitaliano. Ile ya Treccani inapatikana bure mtandaoni. Soma maelezo yote chini ya neno, si mstari wa kwanza tu, na utafute vitu viwili: maelezo ya kitu chenyewe, na kisawe cha Kiitaliano asilia.

Kisawe hicho ndicho chombo chako. Chukua sentensi uliyonayo, toa neno lenye sura ya Kiingereza, weka kisawe, kisha soma upya. "Vendo box" inakuwa "vendo autorimessa". "Andare a fare footing" inakuwa "andare a correre". "Indossava lo smoking" inakuwa "indossava un abito maschile da sera". Ikiwa sentensi inasimama bila kuyumba, tafsiri hicho kisawe, na ulisahau kabisa neno lililokuwapo mwanzo. Ikiwa inayumba, umechukua maana isiyo yake. Rudi kwa majirani.

Nyaraka rasmi zina msaada wa ziada. Katika daftari la majengo la Italia, liitwalo "catasto", kila mali hupewa herufi na namba ya kundi lake. Mabanda ya magari yako katika C/6, kundi lile lile la mazizi ya wanyama. Ukiona "box" kwenye hati ya mauzo na karibu yake pameandikwa C/6, umepata ushahidi ambao hakuna kamusi inayoweza kuupita.

Hatua ya nne: andika Kiswahili kutokana na kitu, si kutokana na sauti

Ukishajua kitu ni nini, kuna mtego wa pili, nao uko upande wetu. Kiswahili nacho kimechukua maneno ya Kiingereza na kuyahamisha. Ukigundua kwamba "box" ni mahali pa kuweka gari, kalamu itataka kuandika "gereji". Lakini kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, gereji ni kwa fundi, mahali pa kutengeneza gari lililoharibika. Mnunuzi akisoma kwamba nyumba inauzwa pamoja na gereji anaweza kudhani anauziwa na biashara. Andika "banda la gari lenye mlango", au "chumba cha kuegeshea gari". Ni maneno mengi zaidi, lakini yanasema kitu kimoja tu.

"Bar" inastahili tahadhari kubwa kuliko zote. Katika maelezo ya polisi au ushahidi wa mahakamani, mtu akisema "ero al bar alle otto", saa mbili asubuhi, alikuwa anakunywa kahawa kama jirani zake wote. Mfasiri akiandika "nilikuwa baa", msomaji wa Kiswahili anaona mlevi wa asubuhi, na sura ya shahidi imechafuka bila mtu yeyote kusema uongo. "Mgahawa" au "mkahawa wa kahawa" ndilo neno la haki hapo. Saa ikiwa ya usiku na kinywaji kimetajwa, basi mfasiri aandike kinywaji hicho na kuacha msomaji aamue.

Kwa barua za hospitali, "ticket" iandikwe "mchango wa mgonjwa katika gharama za matibabu". Pale penye "esente ticket" maana yake ni kwamba mgonjwa amesamehewa mchango huo, kwa sababu ya ugonjwa wake, kipato au umri. Nimekwisha kuona pameandikwa "hana tiketi", na mgonjwa akaelewa kwamba amenyimwa nafasi ya kumwona daktari, kinyume kabisa cha habari njema iliyokuwa mkononi mwake.

Mfano uliofanyiwa kazi

Tuchukue tangazo la nyumba lililoandikwa kama yanavyoandikwa kila siku:

"Vendesi trilocale in residence con piscina: ampio living con angolo cottura, due camere, bagno con box doccia e water sospeso, ripostiglio. Box doppio al piano interrato e posto auto scoperto."

Maneno ya kuzungushia duara ni matano: "residence", "living", "box" mara mbili, na "water".

"Residence" katika tangazo la mauzo ni mkusanyiko wa nyumba zenye huduma za pamoja, kama bwawa hili la kuogelea. Katika tangazo la likizo huwa ni nyumba zenye samani zinazopangishwa kwa huduma karibu na za hoteli. Usilichanganye na "residenza", ambalo ni neno la Kiitaliano kamili lenye uzito wa kisheria: ni mahali mtu alipoandikishwa na manispaa kuwa mkazi. Mhamiaji anayefuatilia karatasi zake anaweza kupoteza miezi akidhani kwamba kukaa katika "residence" kumempa "residenza".

"Living" ni sebule, kwa kukatwa neno la chumba lililofuata. "Box doccia" tumeshalijua. Maandishi hayasemi kama vizuizi vyake ni vya kioo au plastiki, hivyo nasi tusiongeze kioo. "Water sospeso" ni choo cha kukaa kilichoshikizwa ukutani bila mguu wa chini. Atakayefuata sauti ataandika maji yanayoning'inia, na atajua mwenyewe kwamba kuna kasoro. "Box doppio" ni hatari zaidi kwa kuwa kosa lake halijitangazi. Ni banda moja la kutosha magari mawili. Kama yangekuwa mabanda mawili, tangazo lingesema "due box". Na "posto auto scoperto" inathibitisha yote, kwa sababu ni nafasi ya kuegesha iliyo wazi, na mwandishi aliitaja peke yake ili kuitofautisha na lile banda lililofungwa.

Tafsiri yetu basi ni hii: "Inauzwa nyumba ya vyumba vitatu katika mkusanyiko wa nyumba wenye bwawa la kuogelea. Ina sebule pana yenye sehemu ya kupikia, vyumba viwili vya kulala, bafu lenye shawa iliyozungushiwa vizuizi na choo cha kukaa kilichoshikizwa ukutani, pamoja na stoo. Kuna banda moja la magari mawili katika ghorofa ya chini ya ardhi, na nafasi moja ya wazi ya kuegesha gari." Vyumba vitatu vinavyotajwa ni sebule na vile viwili vya kulala, bafu na stoo hazihesabiwi katika "trilocale".

Hatua ya tano: kagua kwa tafsiri rejeshi, lakini kwa uangalifu

Wakala wengi hukagua kazi kwa kumpa mtu wa pili tafsiri ya Kiswahili ili airudishe katika Kiitaliano, kisha wakalinganisha na andiko la mwanzo. Njia hii hukamata makosa mengi, lakini kwa maneno tunayoyazungumzia inaweza kupitisha kosa na kulipa cheti.

Tazama inavyokuwa. Mfasiri wa kwanza akiandika "sanduku maradufu", wa pili atarudisha "doppia scatola", na kila mtu ataona kwamba kuna tatizo. Lakini wa kwanza akiandika "boksi la magari mawili", wa pili ambaye anajua Kiitaliano atarudisha "box doppio" bila kufikiri. Andiko la mwanzo na lililorudi yatafanana herufi kwa herufi, mkaguzi atatia sahihi, na msomaji wa Kiswahili aliyelengwa atabaki na boksi ambalo haelewi ni nini. Ufanano wa maumbo umeficha kwamba maana haikupita katikati. Hali huwa mbaya zaidi kazi ikipitia Kiingereza kama daraja, kwa sababu "box" ya Kiitaliano hupita hapo bila kuguswa na kutoka upande wa pili ikiwa sanduku.

Kwa hiyo weka masharti matatu. Anayerudisha asiwe ameliona andiko la mwanzo. Kwa maneno yenye duara, akatazwe kutumia neno lolote lenye sura ya Kiingereza, bali aeleze kitu: kina kuta au hakina, kinafungwa au hakifungwi, kinatumika kwa nini. Na mkaguzi alinganishe maelezo hayo na maelezo ya kamusi ya Kiitaliano, si neno na neno. Maelezo ya mtu wa pili yakisema "chumba kilichofungwa cha kuwekea magari mawili", kazi imepita. Akishindwa kueleza kitu chenyewe, tatizo liko katika Kiswahili ulichoandika hata kama Kiitaliano chako hakina dosari.

Upande wa pili: unapoandika Kiitaliano

Makosa hugeuka sura mwelekeo unapobadilika. Mwenye nyumba ya wageni anayetaka kibao cha kukataza sigara asiandike "no smoking" akitarajia kuwa ameandika Kiitaliano. Sentensi yao ni "vietato fumare". Tiketi ya basi ni "biglietto", mwili ni "corpo", kwani "body" ni vazi la kubana linalofungwa chini, na boksi la kadibodi ni "scatola". Gauni jepesi la ndani ni "sottoveste", kwa kuwa "slip" kwa Mwitaliano ni chupi, na duka la nguo likikosea hapo litapokea bidhaa zisizotakiwa.

Umri wa neno pia utazamwe. "Footing" bado linaeleweka na kila mtu, lakini vijana wengi leo husema "corsa", "running" au "jogging". Ukiandika tangazo la mbio za asubuhi ufukweni kwa wageni wa leo, "corsa" ndilo salama zaidi. Ukitafsiri barua au hadithi ya miaka ya 1970, liache jogingi hilo katika Kiswahili cha kawaida bila kulipa harufu ya kizamani, kwa sababu wakati huo lilikuwa neno la kila siku.